Mtoto yuko kwenye prednisoloni miaka mitatu na harefuki: hesabu vidonge kabla hujaviacha

Swali: "Shikamoo dokta. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, figo zake zinavujisha protini tangu alipotimiza 5, wanaita nefrotiki. Kila akivimba napewa prednisoloni za 5, tatu mara tatu kwa wiki sita, halafu sita siku moja ndio siku moja hapana wiki sita nyingine. Kwa mwaka anavimba kama mara nne. Kadi yake inaonyesha alipofika miaka 5 alikuwa sm 108, juzi nimempima sm 118, mdogo wake wa miaka 6 ameshamfikia. Ana kilo 27 na mashavu yamejaa. Baba yake ana sm 172, mimi 158. Shoga yangu kazini kaniambia hizo dawa zinadumaza niziache tu, na yeye mwanawe wa pumu ameshamwachisha ile ya kuvuta. Nifanyeje?"

Marahaba mama. La kwanza kabisa, usimwachishe ghafla, hata kama leo ndo umekasirika nazo kuliko siku zote. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inaitwa adrenali, yenyewe kila asubuhi inatengeneza steroidi ya mwili, na mtoto akishapewa steroidi ya vidonge kama hiyo prednisoloni kwa wiki tatu nne mfululizo hiyo tezi inalala, inaona kazi inafanywa na mwingine. Ukikata vidonge siku moja tezi haiamki siku hiyo hiyo, inaweza kuchukua wiki au hata miezi, na hapo katikati mtoto akipata malaria au kuhara mwili hauna cha kujitetea nacho. Utamwona amelegea kupita kiasi, anatapika, tumbo linauma, sukari inashuka, presha inashuka, anaweza kuzimia na kupoteza maisha. Na akiwa bado anavujisha protini, kuacha dawa kunamrudishia maji tumboni, na maji hayo yakiingiwa na bakteria ni hatari kweli. Kwa hiyo shoga yako ana nia nzuri na hajakosea kusema dawa inadumaza, lakini ushauri wa kuiacha hivihivi usiufuate.

Sasa tuje kwenye urefu. Nimeangalia namba zako na nashukuru sana umeziandika, wazazi wengi wananiambia tu "hakui dokta" na hapo sina pa kushika. Mtoto wa kati ya miaka minne na balehe anatakiwa arefuke kama sentimita 5 mpaka 6 kwa mwaka, akiwa chini ya 4 tunaanza kuuliza maswali. Wako ameongeza sentimita 10 kwa miaka mitatu, yaani 3 na kitu kwa mwaka. Alipokuwa na miaka mitano alikuwa karibu kabisa na mstari wa katikati wa wenzake, angeendelea kwenye njia yake ileile leo angekuwa kwenye 125 hivi. Kwa hiyo kapungukiwa kama sentimita 7, na sio suala la kurithi, maana ukichukua urefu wa baba na mama ukajumlisha, ukaongeza 13 kwa sababu ni mvulana halafu ukagawa kwa mbili unapata 171 na nusu, huko ndo damu yenu inampeleka akiwa mtu mzima, zaidi au pungufu ya sentimita nane tisa hivi.

Kuna kitu kingine kwenye namba zako ambacho kwangu kinaongea kuliko hata huo urefu. Uzito umepanda, urefu umesimama. Mtoto anayenenepa kwa kula tu chipsi na soda huwa kwa kawaida anarefuka pia, mara nyingi ni mrefu kuliko wenzake darasani. Ukiona mtoto ananenepa usoni na tumboni huku urefu umegoma, hiyo ni sura ya steroidi nyingi mwilini. Kwa hiyo ndio, dawa inahusika, na sikufichi.

Inavyofanya ni hivi. Mifupa mirefu ya mapaja na miguu ina sehemu ya gegedu karibu na magoti na nyonga, seli zake zinagawanyika na kupangana juu ya nyingine halafu zinageuka mfupa, na hapo ndo urefu unapotoka. Steroidi inaigusa sehemu hiyo moja kwa moja, seli zinagawanyika polepole. Juu ya hapo inapunguza homoni ya ukuaji ambayo hutoka zaidi usiku mtoto akiwa amelala fofofo, na inapunguza pia kalisiamu inayonyonywa na utumbo. Lakini hizo seli nyingi hazifi, zimepunguzwa kasi tu, ni kama fundi aliyeambiwa ajenge taratibu huku matofali yake bado yako pale uwanjani. Ndo maana dawa ikipunguzwa vya kutosha mtoto anaweza kukimbia, akafanya sentimita 7 au zaidi kwa mwaka na kurudisha sehemu kubwa ya alichopoteza. Mipaka yake ni muda. Balehe ikishaanza kile kipindi cha mwisho cha kurefuka kinakimbia na mwisho wake gegedu linafunga, na likishafunga hakuna dawa yoyote ya kulifungua. Wako ana 8, mvulana huanza balehe popote kati ya miaka 9 na 14, na steroidi mara nyingi huichelewesha kidogo, kwa hiyo nafasi mnayo bado, ila sio ya kukaa nayo miaka mingine mitatu mkiendelea hivihivi.

Na hapa ndo nataka ukae vizuri mama, chukua kalamu, maana tatizo kubwa la mwanao kwa jinsi ulivyoeleza ni wingi wa dawa, na huo wingi una sehemu ambayo haikuwa na ulazima.

Ile ratiba ya wiki sita kila siku halafu wiki sita siku moja ndio siku moja hapana ni ratiba ya mara ya kwanza kabisa ugonjwa ulipoanza. Hapo ilikuwa sawa. Lakini ugonjwa ukirudi kwa mtoto ambaye tayari tunajua dawa inamkubali, huwa hatuanzi wiki sita upya. Tunampa dozi ya kila siku mpaka mkojo usafike kwa siku tatu mfululizo, basi, siku ya nne tunahamia siku moja ndio moja hapana kwa dozi ndogo zaidi kwa wiki nne, halafu inashushwa au inaachwa kulingana na historia yake. Watoto wengi wanasafika ndani ya siku kumi mpaka kumi na nne.

Tufanye hesabu kwa vidonge vyako mwenyewe vya 5. Ulivyokuwa unafanya, vidonge 9 kwa siku 42 ni 378, na vile 6 kwa siku moja moja ndani ya wiki sita ni 126, jumla 504 kwa kila kuvimba. Mara nne kwa mwaka, 2,016. Sasa fanya ile nyingine, tuseme kasafika siku ya 12, vidonge 9 mara 12 ni 108, na vile 6 siku moja moja kwa wiki nne ni 84, jumla 192. Mara nne kwa mwaka ni 768. Mtoto yuleyule, ugonjwa uleule, kuvimba kulekule mara nne, lakini kameza chini ya nusu. Hizo wiki nyingi za kila siku alizokuwa ameshasafika anaendelea kumeza tisa ndo sehemu kubwa ya hizo sentimita zilizopotea, na ninaumia nikizikuta, kwa sababu sio mama aliyekosea, mama alifuata alichoandikiwa.

Ila ili uweze kuishia siku ya 12 lazima mtu ajue kwamba amesafika siku ya 12, na huyo mtu ni wewe nyumbani. Nunua vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo, maduka makubwa ya dawa wanavyo, kopo moja lina vijiti vingi, uliza kama vimo vinavyopima protini peke yake maana ni nafuu kuliko vile vya vipimo kumi. Kila asubuhi mkojo wa kwanza, chovya, kung'uta, subiri sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, usikae ukaangalia baada ya dakika tano maana rangi inabadilika na kukudanganya, halafu linganisha na rangi za kopo. Kopo lifungwe haraka, unyevu unaviharibu, na usiviweke bafuni. Njano au alama hafifu tu siku tatu mfululizo maana yake amesafika. Plasi tatu au zaidi siku tatu mfululizo maana yake umerudi, hata kama hajavimba bado, na hapo unapiga simu au unakwenda kliniki kabla macho hayajajaa. Plasi moja au mbili siku moja wakati ana mafua usikimbilie vidonge, endelea kupima, mara nyingi inaondoka yenyewe homa ikiisha. Nimewaona watoto wanaanzishiwa dozi nzima kwa sababu ya plasi mbili za siku moja na mafua.

Kama vijiti vimekosekana, wazee wetu wa maabara walichemsha mkojo na bado inafanya kazi, mkojo kwenye kichupa cha kioo cha maabara unachemshwa sehemu ya juu, ukigeuka mzito mweupe hata baada ya kudondoshea asidi kidogo ni protini. Zahanati yoyote yenye maabara inaweza kukufanyia.

La pili ni hiyo "tatu mara tatu". Prednisoloni ya nefrotiki siku hizi tunaitoa mara moja tu, asubuhi, baada ya chai. Vidonge vyote tisa kwa pamoja, usiogope. Mwili wenyewe hutoa steroidi yake asubuhi, kwa hiyo dawa ya asubuhi inaenda na mwili, ile ya jioni inakaa mpaka usiku ambapo homoni ya ukuaji inatakiwa itoke, inaamsha mtoto usingizini na inazidi kuilaza ile tezi. Na siku za "hapana" zinatakiwa ziwe hapana kweli, hizo siku za kupumzika ndo zinampa gegedu nafasi ya kufanya kazi, kwa hiyo usigawanye ukampa tatu kila siku ukidhani ni kitu kimoja, jumla inafanana ila mfupa hauoni hivyo.

Na uzito. Hiyo dozi ya miligramu 45, yaani vidonge tisa vya 5, ni miligramu 2 kwa kila kilo kwa mtoto wa kilo 22, ambayo kwa urefu wake inaelekea ndo uzito wake bila maji na bila mnene wa dawa. Iko sawa. Ila siku moja atakwenda amevimba, mzani utasoma 29 au 30, na mtu mwenye haraka atazidisha kwa mbili aandike 60. Mwambie nesi kabla ya kupima, kwa heshima tu, "alipokuwa hajavimba alikuwa na kilo kadhaa", na uwe umeziandika. Tunapiga dozi kwa uzito wa mtoto, maji hatuyapigii.

Sasa hata ukifanya hayo yote, mara nne kwa mwaka bado ni nyingi. Mtoto anayerudiwa hivyo tunamhesabu ni wa kurudiwa mara kwa mara, na huyo haachwi aendelee kupanda na kushuka. Kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kumbakiza kwenye dozi ndogo siku moja ndio moja hapana kwa miezi sita mpaka mwaka, kama nusu miligramu kwa kilo, kwake yeye ni vidonge viwili tu. Hesabu yake kwa mwaka ni kama vidonge 366, na wengi kwenye dozi hiyo wanaendelea kurefuka vizuri au karibu na vizuri. Kama inamshika asivimbe, mmeshinda kwa sasa. Kama ili asivimbe anahitaji zaidi ya hapo, au kama tayari ana madhara, na wako anayo, urefu umegoma na uso umejaa, basi inafaa kuzungumzia dawa ya pili ambayo kazi yake ni kutuwezesha kushusha steroidi. Mimi kwa mwanao ningelizungumza hilo sasa hivi, nisingesubiri mwaka.

Dawa zenyewe ziko kadhaa. Levamizoli ni nafuu na haina makali sana, inatolewa siku moja ndio moja hapana, shida yake ni upatikanaji, na inataka damu ipimwe maana inaweza kushusha chembe nyeupe. Mikofenoleti inafanya kazi vizuri kwa watoto wengi, inaliwa mara mbili kwa siku kwa mwaka na zaidi, bei yake ndo inawachosha wazazi, na inaweza kuharisha. Saiklofosfamaidi ni ya wiki nane mpaka kumi na mbili tu halafu basi, bei inabebeka na wengine wanakaa muda mrefu bila kurudiwa, ila damu inapimwa mara kwa mara muda wote anaotumia, na haizidishwi kozi moja kwa sababu ikizidi inaharibu uwezo wa kuzaa baadaye, kwa mvulana hilo lisemwe wazi kabla ya kuanza. Takrolimasi na saiklosporini zipo kwa wagumu zaidi na zinataka uangalizi wa figo zenyewe. Hizi hazianzishwi dukani wala zahanati, omba rufaa kwa daktari wa figo za watoto, Muhimbili ipo kliniki hiyo, na kwa wa kaskazini na Kanda ya Ziwa anzia KCMC au Bugando.

Huko ukifika waombe pia waangalie kama hakuna kitu kingine kinachomzuia kukua, maana dawa inaweza kubebeshwa lawama yote. Damu ya utendaji wa figo lazima iwe sawa, figo zikianza kuchoka zenyewe zinadumaza kwa njia nyingine kabisa na matibabu yake ni tofauti. Mtoto anayevujisha protini muda mrefu anavujisha pia homoni ya tezi ya shingo, ikishuka urefu unasimama, na hiyo ina kidonge chake. Wingi wa damu nao. Na picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto inaonyesha umri wa mifupa, mara nyingi kwa watoto hawa mtoto ana miaka 8 ila mifupa ni ya 6, na mama anaposikia hivyo anashtuka wakati kwangu ni habari ya kutia moyo, inamaanisha ana miaka zaidi ya kurefuka mbele yake kuliko umri unavyosema. Macho na presha vipimwe hukohuko, steroidi zinagusa vyote viwili.

Chakula nigusie kwa sababu najua nyumba nyingi mtoto wa figo ananyimwa nyama, maharage na mayai, "protini inaumiza figo". Kwa huyu wako ambaye figo zinavuja lakini zinafanya kazi, anatakiwa ale protini kama mtoto mwingine yeyote, ukimnyima unamdumaza mara ya pili. Kinachopunguzwa ni chumvi, hasa akiwa amevimba, na sukari na vitafunwa vya kukaanga kwa sababu prednisoloni inaleta njaa isiyoisha. Dagaa na maziwa vinamfaa kwa kalisiamu, na daktari anaweza kuongeza vidonge vya kalisiamu na vitamini D, vinalinda mfupa usiwe mwepesi ila havirefushi, asikudanganye mtu. Vile vinavyouzwa mtandaoni vya "kuongeza urefu" achana navyo.

Na kuna vidonge vya hamu ya kula na vya kunenepesha vinavyouzwa kiholela, vingi ndani yake vina deksamethasoni. Hiyo ni steroidi kali mno kwa mfupa wa mtoto, robo tatu ya miligramu yake inafanya kazi ya kidonge chako kizima cha prednisoloni 5, na inakaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba hakuna siku ya kupumzika. Duka likikwambia prednisoloni imeisha chukua deksa ni zilezile, ondoka. Krimu za kung'arisha ngozi nazo zina steroidi, usimpake, na wewe ukizipaka osha mikono.

Upimaji wa urefu. Kadi ya kliniki inaishia miaka mitano, na nefrotiki inapenda kuanza kati ya miaka miwili na sita, kwa hiyo hawa watoto wanaingia kwenye steroidi hasa pale ambapo hakuna tena mtu anayewapima kila mwezi. Itabidi upime wewe. Tafuta ukuta ulionyooka usio na kile kiukuta cha chini, sakafu ngumu bila zulia. Avue viatu, kama ana nywele za kusuka zisikae juu ya utosi, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, aangalie mbele sio juu. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, upande mmoja umelala kabisa ukutani, bonyeza nywele, piga alama kwa penseli chini ya kitabu. Atoke, apumue, rudia mara tatu uchukue ya katikati. Fanya saa ileile, asubuhi, maana mtu yeyote jioni ni mfupi kwa karibu sentimita nzima kuliko alivyoamka, na mzazi akipima asubuhi mwezi huu na jioni mwezi ujao atadhani mtoto anarudi nyuma. Pima kila baada ya miezi mitatu ila usitoe hukumu kabla ya miezi sita, nusu sentimita ni kosa la kawaida la mkono. Ndani ya miezi sita nataka nione sentimita 2 na nusu au zaidi. Ikiwa steroidi zimeshuka kweli na bado umepata moja, rudi mapema.

Nunua daftari moja la kaunta. Kila siku: tarehe, kijiti kimesoma nini, vidonge vingapi. Kila miezi mitatu: urefu na uzito asipokuwa amevimba. Ukija na daftari hilo daktari yeyote atajumlisha miligramu za mwaka mzima kwa dakika tano, na uamuzi wa dawa ya pili unakuwa rahisi maana ushahidi uko mezani. Kwenye jalada lake la mbele andika kwa maandishi makubwa kwamba anatumia prednisoloni muda mrefu, ili siku akipata ajali au akihitaji upasuaji, au anatapika na vidonge havikai, waliopo wajue kumpa steroidi ya sindano. Hilo linabaki hivyo hata miezi kadhaa baada ya kuacha.

Kuhusu mtoto wa shoga yako. Dawa ya pumu ya kuvuta ni familia moja na prednisoloni ila kiasi chake kiko mbali mno. Yeye anavuta labda mikrogramu 200 au 400 kwa siku, wako akivimba anameza mikrogramu 45,000, na ile ya kuvuta nyingi inabaki kwenye mapafu na koo. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliowafuata watoto wa pumu waliovuta budesonidi mikrogramu 400 kila siku kwa miaka minne mpaka sita, matokeo ya urefu wao wakiwa watu wazima yalitoka 2012, na walikuwa wafupi kuliko wenzao kwa sentimita 1 na kidogo tu. Upungufu huo ulitokea zaidi mwaka wa kwanza na wa pili, haukuendelea kujilimbikiza kila mwaka. Sasa akimwachisha, pumu inarudi, mtoto halali usiku kwa kukohoa, na kila akibanwa anapelekwa kupewa prednisoloni za kumeza siku tatu mpaka tano. Mara moja mbili kwa mwaka haina neno, lakini mara sita saba anakuwa amemeza steroidi nyingi kuliko zote alizokuwa anaogopa kuvuta, na pumu isiyotulia nayo yenyewe inachelewesha ukuaji na balehe. Mwambie airudishe, atumie ile chupa ya kuvutia ili dawa ifike kwenye mapafu badala ya kubaki mdomoni, mtoto asukutue na kutema kila akimaliza, na akikaa vizuri miezi mitatu bila kikohozi cha usiku amwombe daktari wake ashushe dozi mpaka ile ndogo kabisa inayomtuliza. Kama ile pampu ya bluu ya kufungua kifua ndo aliyobaki nayo peke yake na inaisha ndani ya mwezi, asisubiri tarehe ya kliniki, aende wiki hii.